Hesabu Mistari ya Kyondo Kabla Hujaisifu Picha

Haya jamani, leo nimekuja na ugomvi. Kwa wiki mbili nimebishana na watu wawili mpaka simu ikaisha chaji. Wa kwanza ni jirani yangu mwenye studio ya picha hapa Kitui mjini. Yeye anaamini kwamba kila kitu duniani kinaweza kumalizwa na filta ya simu: unafungua apu, unabofya, picha inageuka mchoro, mteja analipa. Wa pili nilisoma naye shahada ya sayansi ya tarakilishi, siku hizi yuko Nairobi. Huyu anaamini kwamba filta za simu ni za watoto, na mtu mzima hujiundia paiplaini yake ya difyusheni, yaani msururu wa hatua anazozipanga mwenyewe, kuanzia picha inapoingia mpaka inapotoka.

Nitawaambieni kwa nini wote wawili wamekosea, na kwa nini mimi nilikosea kuwazidi, kwa sababu nimefanya kazi kwa njia zote mbili na zote mbili zimeniaibisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo upande wa Makueni, si mbali na Wote, kilitaka kalenda ya kurasa 12 pamoja na kadi ndogo za kufunga kwenye kila kyondo. Walitaka picha zifanane na michoro ya rangi ya maji, zote kwa mtindo mmoja. Mwenyekiti wao ni rafiki ya mama yangu, na kwa hiyo bei ilikuwa imeshapangwa kabla sijaulizwa. Nilipanda matatu mbili, nikapita Machakos, nikafika, nikapiga picha kutwa nzima: vyondo mbele ya ukuta wa matofali, vyondo juu ya mkeka, na akina mama wenyewe wakiwa wamekaa chini ya mwembe wakisuka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo anayeishi mjini hawezi kulijua. Kyondo huanzia kitakoni. Nyuzi za mkonge husimama kama mbavu, na uzi mwingine huzunguka ukizipita, duara juu ya duara, mpaka kikafika mdomoni. Mistari ya rangi ni idadi ya mizunguko. Msusi anapokuambia “tatu nyeusi, mbili za udongo, tatu nyeusi”, anamaanisha tatu na mbili na tatu. Mnunuzi akiona picha na kusema “nataka vile”, kikundi kinakwenda kusuka vile. Kwa hiyo picha ya kyondo ni oda. Mapambo yanakuja baadaye.

Nilianza na apu. Sitaitaja jina, iko kwenye simu nyingi. Ina filta za rangi na filta za “mchoro”, na nililipa shilingi 900 za mwezi ili iniondolee nembo yao pembeni. Filta za rangi zilikuwa nzuri mno, nakiri. Ukuta wa matofali ukapata joto, kijani cha mwembe kikatulia. Za mchoro zikageuza mkonge kuwa kitu kama ubao uliopakwa siagi. Lakini kilichonikera zaidi kilikuja baadaye. Nilipokuwa nimemaliza picha saba, apu ikajisasisha yenyewe usiku. Asubuhi filta ileile, jina lilelile, ilitoa rangi nyingine. Sikuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Kurasa saba za kalenda zilikuwa na jua la asubuhi na ya nane ilikuwa na jua la saa tisa.

Hapo ndipo rafiki yangu wa Nairobi alipocheka na kuniambia, nilikuonya.

Kabla sijamgeukia yeye, nimalizane kwanza na filta za rangi, kwa maana hapa kuna siri ambayo wauza apu hawapendi kuizungumza. Filta ya rangi, ile ya kawaida, ni jedwali. Hakuna akili yoyote ndani yake. Inatazama pikseli moja, inasoma nyekundu, kijani na bluu yake, inakwenda kwenye jedwali, inatoa rangi mpya. Pikseli ya jirani haiihusu kabisa. Jedwali hilo lote linatosha ndani ya picha moja ndogo ya pikseli 512 kwa 512. Na kama unaweza kuingiza picha yoyote kwenye apu, basi unaweza kuingiza jedwali tupu, lenye rangi zote zikiwa mahali pake, na apu itakurudishia jedwali lake likiwa limejazwa.

Kwa ImageMagick ni mistari miwili:

```
magick hald:8 tupu.png
magick kyondo.jpg iliyochujwa.png -hald-clut kyondo-rangi.jpg
```

Wa kwanza unatengeneza jedwali tupu. Unalipeleka kwenye simu, unalipitisha kwenye filta, unalirudisha kwa jina la iliyochujwa.png. Wa pili unaweka rangi hizo kwenye picha yoyote, hata elfu moja kwa usiku mmoja, bila intaneti, na apu ijisasishe itakavyo.

Lina mipaka yake. Filta nyingi huficha vitu vingine ndani: pembe zinazotiwa giza, chembechembe za filamu ya zamani, kulainisha ngozi. Hivyo si jedwali, kwa sababu vinategemea mahali pikseli ilipo au majirani zake. Namna ya kujua ni rahisi. Tengeneza picha ya kijivu tupu, ipitishe kwenye filta. Ikirudi ikiwa rangi moja kila mahali, filta haina pembe za giza wala chembechembe, ila kulainisha hakuonekani kwenye kijivu tupu, kwa hiyo linganisha pia kwa picha halisi kabla ya kuichukua. Ikirudi na pembe nyeusi au vumbi, kuna kitu kingine ndani na jedwali utakalopata litakuwa na makosa. Tena, apu nyingi huhifadhi kwa JPEG, ambayo huchanganya rangi za pikseli zinazokaribiana, kwa hiyo jedwali linarudi likiwa na uchafu kidogo. Utauona angani, pale ambapo bluu inapaswa kufifia polepole lakini inakatika kama ngazi. Mimi hulilainisha kidogo jedwali lenyewe na tatizo linapungua.

Kwa hiyo jirani yangu wa studio, nakuheshimu, lakini unalipa kila mwezi kodi ya jedwali unaloweza kulimiliki. Udhibiti wote uliokuwa unautafuta ni faili moja ndogo. Na kwa rangi tu, ubora wake hauna mshindani: kila ukingo, kila uzi, kila mzunguko wa kyondo unabaki mahali ulipokuwa, kwa sababu jedwali haliwezi kusogeza kitu hata likitaka.

Sasa njoo kwa mtaalamu wa Nairobi.

Alinitumia msimbo wake akaniambia nikodishe kadi ya grafiki mtandaoni. Modeli ni Stable Diffusion 1.5, ya mwaka 2022, kuukuu lakini nyepesi, na juu yake ControlNet, iliyotoka 2023, ambayo huishika modeli isiache mistari ya picha ya asili. Kiini chake ni hiki:

```python
tokeo = pipe(
    prompt="watercolour painting of a woven basket",
    image=picha,
    control_image=mistari,
    strength=0.6,
    num_inference_steps=30,
    generator=torch.Generator("cuda").manual_seed(254),
).images[0]
```

Kwa wale ambao hawajawahi kuona ndani yake, difyusheni hufanya kazi kwa kuharibu kwanza. Picha yako inamwagiwa kelele, kama televisheni ya zamani isiyoshika mawimbi, halafu modeli inaombwa iisafishe hatua kwa hatua huku ikisoma maneno uliyoandika. Neno `strength` ndilo mpini wa jembe. Ukiweka 0.6 na hatua 30, picha inaharibiwa kwa kiwango cha hatua 18, na modeli inatembea hatua hizo 18 kurudi. Ukiweka 0.35, ni hatua 10 tu. Kadiri unavyoharibu zaidi ndivyo mtindo unavyoingia zaidi, na ndivyo modeli inavyojaza kwa kumbukumbu zake kile ilichokisahau kwenye picha yako.

Picha ya kwanza ilipotoka nilipiga kelele mpaka mbwa akabweka. Ilikuwa nzuri! Karatasi ilionekana, maji yalionekana yamekaukia pembeni, mkonge ulikuwa mkonge. Nikaituma kwa mwenyekiti kwa WhatsApp. Akajibu kwa sauti, akiwa mpole kama kawaida yake: “Mwanangu, hiki ni kizuri sana. Ni cha nani?”

Nikamwambia ni cha kwao, kile cha mdomo mwekundu.

“Hapana,” akasema. “Hesabu.”

Nikahesabu. Kyondo cha asili kilikuwa na mistari tatu nyeusi, mbili za udongo, tatu nyeusi. Cha kwenye mchoro kilikuwa na nne, moja na nusu, halafu mbili zilizoungana upande wa kulia na kuwa moja pana. Mbavu zilikuwa zimepungua. Mshikio wa ngozi ulikuwa umeota upande mmoja bila kushonwa popote. Kama kadi ile ingechapishwa na mtu akaagiza vyondo 50 “kama vya kwenye picha”, akina mama wangesuka tatu-mbili-tatu kama walivyozoea na mzigo ungerudishwa. Au mbaya zaidi, wangejaribu kusuka kosa la modeli.

Rafiki yangu akasema, ongeza ControlNet, punguza `strength`. Nikafanya hivyo. Ikapungua kukosea lakini ikaendelea kukosea, na mtindo wenyewe ukaanza kupotea. Hapo nikaacha kugeuza vitufe, nikachukua kalamu na karatasi, na hiki ndicho ninachotaka wenzangu wa fani hii wakitazame vizuri kabla ya kunitumia matusi.

Modeli hii haifanyi kazi kwenye pikseli. Kwanza picha inabanwa. Kila kipande cha pikseli 8 kwa 8, chenye rangi tatu kila pikseli, yaani namba 192, kinakuwa namba 4 tu. Picha ya 512 kwa 512 inakuwa kitambaa cha 64 kwa 64. Kazi yote ya kuharibu na kusafisha hufanyika kwenye kitambaa hicho, halafu mwishoni inapanuliwa kurudi pikseli.

Sasa chukua kyondo changu. Kwenye picha ya kamera, yenye kimo cha pikseli 4000, kyondo kilichukua kama pikseli 2700, na nilihesabu mizunguko 70 toka kitako hadi mdomo. Ni karibu pikseli 39 kwa kila mzunguko, nafasi tele. Lakini ukiishusha picha hadi 512 ili modeli iipokee, kyondo kinabaki na pikseli 346 hivi, na kila mzunguko unapata pikseli 5. Tano! Wakati kipande kidogo kabisa ambacho modeli inakitambua ni 8. Mzunguko mmoja wa msusi hautoshi hata kujaza chumba kimoja cha modeli. Utaiambia ihifadhi nini?

Na msikimbilie ControlNet. Picha ya mistari unayoipa nayo hubanwa hadi kitambaa kilekile cha 64 kwa 64 kabla ya kuingia. Inaweza kukushikia umbo la kyondo, ukingo wa ukuta, mkao wa mtu. Mistari midogo kuliko chumba cha modeli inafika huko ikiwa uji.

Kuna jaribio ambalo kila mtu anayejiita mtaalamu angelifanya kabla ya jambo lolote, na ni wachache mno wanaolifanya. Pitisha picha kwenye kubana na kupanua tu, bila kelele, bila maneno, bila hatua hata moja ya kusafisha. Halafu toa tofauti:

```
magick asili.png iliyorudi.png -compose difference -composite -auto-level tofauti.png
```

Mahali palipo peusi hapakubadilika. Kwenye picha yangu ukuta ulikuwa mweusi karibu wote. Kyondo kiling'aa kama taa ya Krismasi. Maana yake ni kwamba mizunguko ilikuwa imeshaharibika kabla difyusheni yenyewe haijaanza, na hakuna maneno ya kiuchawi ya kuandika kwenye `prompt` yatakayoirudisha.

Dawa ya nusu ni kuipa modeli picha kubwa zaidi. Kwa kimo cha 1536 kila mzunguko unapata pikseli 15 hivi, karibu vyumba viwili, na idadi inaanza kushika. Lakini modeli hii ilifunzwa kwa 512. Ukiipa picha kubwa pamoja na `strength` ya juu inaanza kurudia vitu: nilipata kyondo chenye kyondo kingine kikichungulia ndani yake. Ikabidi nibaki 0.3 au chini, na kwa 0.3 rangi ya maji inakuwa haba. SDXL ya 2023, iliyofunzwa kwa 1024, inasaidia kidogo, lakini nayo hubana 8 kwa 8 vilevile, na inataka kadi kubwa zaidi.

Basi nikafanya jambo la kizamani. Nikachora kinyago cha kyondo kwa mkono, nyeupe pale kilipo na nyeusi pengine pote. Difyusheni nikaiachia ukuta, mkeka, mwembe na anga, kwa 0.55, ifanye sarakasi zake zote. Kyondo nikakichukua kutoka kwenye picha ya asili, pikseli kwa pikseli, nikakibandika juu mwishoni. Nasema mwishoni kwa kusudi. Wengi hutumia kinyago ndani ya modeli wakadhani eneo lililokingwa limesalimika. Halikusalimika, limepitia kubanwa na kupanuliwa kama mengine. Ni lazima ubandike pikseli za asili baada ya kila kitu kwisha. Halafu, ili kyondo kisionekane kama kibandiko cha daftari, nikapitisha picha nzima kwenye jedwali la rangi, lilelile nililolitoa kwenye apu ya shilingi 900. Rangi ikawaoanisha. Mwenyekiti akahesabu, akanyamaza kidogo, akasema “Sawa.” Kwa Mkamba wa umri wake hiyo ni shahada ya uzamili.

Nyuso sasa. Hapa sitanii.

Kulikuwa na nyanya mmoja kwenye kikundi, mzee kuliko wote, mwenye meno ya mbele yaliyochongwa kama walivyofanya Wakamba wa zamani. Nilimpiga picha akicheka. Kwa `strength` ya 0.6 modeli ilimrudisha akiwa na meno manne yaliyonyooka kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Ngozi ilikuwa imepanda weupe, mikunjo ya shavu imepigwa pasi, na pua imekuwa ya mtu mwingine. Picha ilikuwa ya kupendeza, na mwanamke yule hayupo duniani. Nilijaribu mbegu ishirini tofauti, nikaandika kwa maneno kwamba ni mzee, ni mweusi, meno yamechongwa. Neno la mwisho lilileta meno ya mamba.

Si ajabu ukijua modeli hutoka wapi. Ilifunzwa kwa picha zilizookotwa mtandaoni pamoja na maelezo yake, mengi yakiwa ya Kiingereza, na wazee wa Mbooni wenye meno yaliyochongwa hawajai huko. Unapomwaga kelele juu ya uso, unaiomba modeli ikumbuke, na haiwezi kukumbuka asiyemjua. (Tatizo hili lina umri. Maabara za kusafisha filamu zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi zetu zikatoka kama makaa kwa miongo mingi. Safari hii tumegeuzwa upande wa pili.)

Na apu je? Apu za “avata” ni hayohayo. Lensa ilipovuma mwishoni mwa 2022 ilikuwa inaendesha Stable Diffusion nyuma ya pazia. Prisma ya 2016, kutoka kwa watengenezaji haohao, ilikuwa kitu kingine, mbinu iliyotokana na utafiti wa 2015 wa kuhamisha mtindo wa mchoro, ambayo ilipaka juu ya picha bila kumbukumbu za nyuso za watu wengine. Kwa hiyo mtu anayesema “filta ya simu” siku hizi inabidi aulizwe ni ipi, kwa sababu nyingine ni jedwali, nyingine ni brashi, na nyingine ni difyusheni iliyong'olewa mpini. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Kwenye paiplaini yangu naweza kushusha `strength` hadi 0.25 usoni, naweza kuondoa uso kabisa kwa kinyago, naweza kuandika mbegu kwenye daftari nikarudia kesho kutwa nikapata kilekile. Kwenye apu kuna kitufe kimoja kilichoandikwa “tengeneza”, na nyanya anatoka akiwa na meno ya mtu mwingine, na hakuna pa kushika.

Isitoshe, uso unaopitia seva ya mtu umetoka mikononi mwako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na uso wa mtu ni data yake. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Akina mama wale waliniruhusu mimi na kalenda yao. Hawakuruhusu kampuni isiyojulikana iliko. Kadi ya kukodisha nayo ni tarakilishi ya mtu mwingine, najua, ndiyo maana nyuso sikuzipeleka huko. Zilifanywa hapa kwenye laputopu yangu isiyo na kadi ya grafiki, dakika sita kwa picha, stima ikiruhusu. Hatimaye hata hizo nilizitupa. Nyuso zote za kalenda zilipata jedwali la rangi peke yake, na nyuma yao tu ndipo palipochorwa.

Gharama nimeiacha mwisho kwa sababu ndipo rafiki yangu wa Nairobi anapodanganya zaidi, bila kujua. Anasema paiplaini ni bure. Modeli ni bure, kweli. Kadi niliikodi kwa dola 0.40 kwa saa, na saa nilizotumia zilikuwa 6, yaani dola 2.40, kama shilingi 310. Hata mwezi mmoja wa apu ni mara tatu ya hiyo. Lakini ili kufikia saa hizo 6 nilikaa jioni kumi na moja: kusakinisha, kupambana na matoleo ya maktaba yasiyopatana, kuchora vinyago, kuhesabu mizunguko kwa kalamu. Jioni kumi na moja za mtu mwenye kazi zina bei. Nikizitoza hata kwa nusu ya kile ninachotoza wateja wa kawaida, kila ukurasa wa kalenda ungekuwa ghali kuliko kyondo kilichopigwa picha. Jirani yangu wa studio, anayemhudumia mteja anayetaka picha ya harusi kabla ya saa kumi, akifuata ushauri wa Nairobi atafunga duka.

Kwa hiyo jirani, achana na kodi ya mwezi, njoo nikutolee majedwali ya filta zako zote Jumamosi, na acha kabisa kile kitufe cha avata, hasa kwa picha za mazishi. Umeniambia mwenyewe kwamba familia moja ililia ilipoona marehemu amekuwa kijana wasiyemfahamu. Na wewe wa Nairobi, nitumie matokeo yako ya kubana na kupanua kabla hujanitumia msimbo mwingine. Nimekuwekea picha ya kyondo kwa ukubwa wake wote. Kitako hadi mdomo ni mizunguko 70. Ukirudisha 70, na tatu-mbili-tatu zikiwa mahali pake, kwa difyusheni tupu bila kinyago, nitakupandia matatu mpaka Nairobi nikununulie nyama.

Kalenda iko kwa mchapishaji. Ukurasa wa Agosti ni nyanya, anacheka, na meno yake.